Chumvi Mbadala: Hadhari kwa Wenye Figo Dhaifu na Wamezao Vidonge vya Moyo

Tangu wasafiri watokao Dar es Salaam, Maskati na Ulaya waanze kuwaletea wazee wao makopo ya chumvi yasifiwayo kuwa ni nzuri kwa wenye presha, swali moja limekuwa likirudi kutoka Ifakara, Mang'ula, Mlimba na hata ng'ambo ya mto kuelekea Mahenge, nalo ni hili: je, mtu aliyekatazwa chumvi na tabibu wake aweza kutumia chumvi hii akala chakula chake kwa raha kama zamani? Wengi waweza, na baadhi yao itawafaa. Walakin watu wa namna mbili, yaani mwenye figo dhaifu na mwenye kumeza baadhi ya vidonge vya moyo au presha, wasiitie hata katika uji kabla ya kupimwa damu, na taksiri iliyopo ni kwamba hao ndio aghalabu waletewao makopo hayo kwa huba na watoto wao.

Kilichomo ndani ya kopo

Chumvi ya kawaida, ile ya pakiti dukani, ni NaCl, na sehemu yake iinuayo presha ni sodiamu. Watengenezaji wa chumvi mbadala huipunguza sodiamu hiyo au huiondoa yote, kisha mahali pake wakatia KCl, ambayo ni chumvi ya potasiamu, yenye ukali unaokaribiana na chumvi tuliyoizoea ila huacha uchungu kidogo ulimini. Potasiamu si sumu kwa asili yake, kwani imo katika ndizi, viazi, maharage na maji ya dafu, na mwili hauwezi kuishi bila yake. Lakini damu huitaka kwa mizani nyembamba mno, baina ya 3.5 na 5.0 katika kipimo cha maabara, na kazi ya kuitoa ziada yake hufanywa na figo kwa kadiri ya sehemu tisa katika kumi. Ikipita 6, misuli huanza kulegea na moyo, ambao hupiga kwa nguvu ndogo ya umeme, waweza kupotewa na mwendo wake hata ukasimama.

Ulitazamapo kopo, tafuta mambo haya:

- Herufi KCl, au namba E508, au neno lolote lianzalo na *potas*.
- Ni sehemu ngapi katika mia. Zipo chumvi zenye robo ya potasiamu na robo tatu za chumvi ya kawaida, zipo zenye theluthi mbili, na zipo ambazo ni KCl tupu.
- Kama chumvi imehamishiwa katika chupa isiyo na maandishi, ihesabu kuwa ni ya potasiamu mpaka ipatikane yakini.

Maneno yenye maana ya "sodiamu kidogo" au "nzuri kwa moyo" yasikutulize, kwa kuwa aghalabu ndiyo dalili ya kwanza kwamba potasiamu imo.

Nao wazee wa bara wakumbuke kwamba chumvi ya majivu, ile ipatikanayo kwa kuchoma matete, maganda ya ndizi au makapi ya maharage na kuyachuja majivu yake kwa maji, ni jamaa ya chumvi hii, maana majivu ya mimea yamejaa potasiamu. Magadi ya mawe ni jambo lingine: hayo yamejaa sodiamu, na mwenye presha akiyatia katika maharage kwa kudhani ameikimbia chumvi, hajaikimbia.

Hesabu ya chungu kimoja

Tumchukue mama mmoja wa mfano, si mtu halisi lakini si mgeni kwa yeyote ajuaye kliniki za presha, akaaye Kibaoni, mwenye umri wa miaka 62, ambaye sukari imemkaa mwilini kwa muda mrefu; humeza enalapril kwa ajili ya presha, na tangu miguu ilipoanza kumvimba ameongezewa spironolakton kwa ajili ya moyo. Mwanawe amemletea kopo la KCl tupu. Nyumbani mwao wanakula watu watano, na kwa siku nzima, mchuzi wa perege, mboga na wali, mpishi hutia vijiko viwili vya chai, yaani kama gramu 12.

Ukigawanya kwa watano, kila mmoja amepata gramu 2.4. Katika kila gramu ya KCl mna miligramu 520 hivi za potasiamu, basi fungu la mama huyu ni kama miligramu 1,250, ambazo ni sawa na kuongezewa ndizi mbivu tatu kila siku juu ya chakula chake cha kawaida, ndizi ambazo hazionekani sahanini wala hazihesabiwi na mtu. Kama kopo lingekuwa la theluthi mbili, angepata kama 830. Kama ni la robo, kama 310. Kwa wale wanne wengine wenye figo nzima hesabu hii haina neno: watakojoa ziada, nao hawatajua kwamba kulikuwa na ziada.

Kwake yeye mambo ni mbali. Sukari imezichakaza figo zake hata zikabaki na theluthi ya nguvu zake, bila ya yeye kuhisi chochote. Enalapril na spironolakton nazo, kila moja kwa njia yake, huziamuru figo zizuie potasiamu zisiitoe. Ni jaruba la mpunga lililozibwa mlango wa kutolea maji, kisha mwenye shamba akafungulia mfereji wa kuingizia. Fauka ya hayo, kwa kuwa chumvi ile ina uchungu na haikolei upesi, huiongeza tena mezani kwa mkono wake.

Yatakayofuata hutokea baada ya siku kadhaa au majuma, na huanza kimya. Miguu huwa mizito anapoinuka mkekani. Midomo au vidole hufa ganzi. Moyo huruka pigo moja, kisha hupiga polepole kuliko desturi. Wengine hawahisi lolote mpaka wanapoanguka. Katika msimu wa palizi, ni nani asiyesema kwamba ni uchovu tu? Damu yake ikipimwa ikaonekana ni 6.8, na karatasi ya kipimo cha umeme wa moyo ikaonyesha vilele virefu vilivyochongoka, hiyo ni dharura ya saa ile ile: matabibu humtia kalsiamu mshipani ili kuukinga moyo, insulini pamoja na glukosi ili kuisukuma potasiamu iingie ndani ya chembe za mwili, na pengine salbutamoli ya kuvuta. Hayo yasipotosha, hubaki kusafisha damu kwa mashine, jambo ambalo si kila hospitali inaliweza, na safari ya kulifuata ni ndefu.

Vidonge vya kuangaliwa

Wengi hutuandikia wakisema "nameza kidonge cheupe cha presha", na kwa maelezo hayo hapana awezaye kuwajibu. Chukua pakiti au daftari lako la kliniki, usome jina.

- *Majina yaishiayo na "pril"*: kaptopril, enalapril, lisinopril. Huzuia potasiamu.
- *Majina yaishiayo na "sartan"*: losartan, telmisartan, valsartan. Kadhalika.
- *Spironolakton na amiloridi.* Hizi ndizo kali zaidi katika jambo hili. Amiloridi mara nyingi huwa imechanganywa na dawa nyingine ya kukojoa ndani ya kidonge kimoja, kwa hiyo soma maandishi madogo pia.
- *Digoksini.* Potasiamu ikipanda au ikishuka, moyo ulio chini ya dawa hii huwa mwepesi wa kupotewa na mapigo.
- *Septrini.* Si dawa ya moyo, lakini huzuia potasiamu, hasa kwa vipimo vikubwa. Naitaja kwa kuwa katika bonde hili wako wengi wenye virusi vya UKIMWI wanaohudumiwa tangu 2004 na Kliniki ya Maradhi Sugu iliyomo katika Hospitali ya Mtakatifu Fransisko ya Ifakara, na baadhi ya wagonjwa wa namna hiyo hupewa Septrini ya kinga pamoja na tenofovir, ambayo kwa watu wachache huzidhuru figo.
- *Diklofenaki, ibuprofeni na jamii zake*, zinunuliwazo dukani kwa ajili ya viungo na mgongo. Hizi hupunguza damu iingiayo katika figo. Mtu mwenye kumeza "pril" akizichanganya nazo amejiongezea hatari mwenyewe.

Amlodipini na nifedipini hazina neno katika mlango huu. Furosemidi, ijulikanayo kwa wengi kama Lasiksi, hufanya kinyume: huitoa potasiamu kwa mkojo, na ndiyo sababu wako watu waliowahi kuambiwa na daktari wale ndizi. Lakini mgonjwa wa moyo aghalabu hupewa furosemidi na spironolakton pamoja, moja ikitoa na nyingine ikizuia, na mizani ya hizo mbili haijulikani kwa kukisia. Hujulikana kwa damu.

Sasa neno ambalo naomba lisipuuzwe. Ukigundua kwamba unameza mojawapo ya dawa hizi na umekuwa ukitumia chumvi mbadala, acha chumvi, usiache vidonge. Dawa hizo zimewarefushia wengi maisha, na mwenye kuzikatiza ghafla aweza kurudiwa na presha kali au mapafu kujaa maji. Mabadiliko ya dawa ni kazi ya aliyekuandikia, baada ya kipimo.

Hatua kabla ya kununua

1. Tia katika mfuko dawa zote uzimezazo, pamoja na za kienyeji na zile za dukani, uende nazo kliniki. Kusimulia kwa mdomo hakutoshi.

2. Omba vipimo viwili vya damu: kreatinini, ambayo huonyesha nguvu za figo, na potasiamu. Kipimo cha mkojo cha protini huongeza faida kwa mwenye sukari. Zahanati nyingi za vijijini hazina mashine ya kupima potasiamu. Kabla ya kulipa nauli, uliza kama kituo uendacho kinaipima na kama mashine inafanya kazi siku hiyo.

3. Uliza majibu kwa namba. Nguvu za figo zikiwa chini ya 60 katika hesabu ifanywayo kutokana na kreatinini, iache chumvi mbadala. Zikiwa chini ya 30, hilo halina mjadala. Potasiamu ikiwa tayari imezidi 5.0, iache vilevile, hata kama figo zimesifiwa.

4. Ukianzishiwa "pril", "sartan" au spironolakton, rudi upimwe tena baada ya juma moja au mawili. Siku hiyo ya pili wengi huikosa, nayo ndiyo yenye habari.

5. Fanya haya kabla ya kuhamia shamba. Wakulima wa Kilombero huacha nyumba zao wakakaa miezi katika vibanda vya mashambani kulinda mpunga, mbali na zahanati, ilhali masika huziharibu njia. Si mahali pa kufanyia majaribio ya chumvi mpya, wala pa kungoja moyo uonyeshe kama umeikubali.

Kuna jambo dogo la maabara lifaalo kujulikana. Damu iliyovutwa kwa shida, au iliyokawia njiani kabla ya kufika mashineni, chembe zake huvunjika na kumwaga potasiamu, kisha namba ikatoka kubwa kuliko ilivyo. Kwa hiyo mtu asiye na dalili, mwenye figo njema, akiambiwa ana 6.2, daktari aweza kuagiza damu itolewe upya. Lakini mwenye figo mbovu au mwenye "pril" na spironolakton asiifanye taarifa hii kuwa kisingizio cha kurudi nyumbani: akae pale pale, apimwe umeme wa moyo, damu ya pili ichukuliwe saa hiyo.

Hoja mnazozileta

*"Mbona nimesikia kwamba chumvi hii huzuia kiharusi?"* Umesikia kweli. Huko China vijiji 600 vilifanyiwa uchunguzi uliotangazwa 2021, watu wakikaribia 21,000, wengi wao waliokwisha kupatwa na kiharusi, na wale waliopewa chumvi yenye robo ya potasiamu walipatwa na kiharusi kwa uchache wa asilimia 14 kuliko waliobaki na chumvi ya kawaida. Lakini watu waliojulikana kuwa na maradhi makubwa ya figo, na waliokuwa wakimeza vidonge vizuiavyo potasiamu kama spironolakton, hawakuingizwa tangu mwanzo. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake wa Januari 2025, liliishauri chumvi ya namna hii kwa watu wazima, likawatoa wajawazito, watoto, na kila mwenye figo dhaifu au hali nyingine izuiayo kutoka kwa potasiamu. Faida ile ni ya kweli. Imepimwa kwa watu ambao si wewe.

*"Nakojoa vizuri, figo zangu zina nini?"* Wingi wa mkojo si ushahidi. Figo zaweza kutoa maji mengi huku zikishindwa kuchuja, na mwenye sukari hukojoa zaidi ya wenzake hata figo zinapokuwa zinakwisha. Hakuna kipimo cha macho kwa jambo hili.

*"Nimeitumia mwaka mzima bila dhara."* Pengine ni kweli, na pengine figo zako za mwaka jana si za mwaka huu. Hatari huja siku hali inapobadilika: umeongezewa kidonge, umemeza diklofenaki kwa juma zima baada ya kuvuna, au umeharisha na kutapika kwa siku mbili hata mwili ukakauka na figo zikakosa maji. Aliye katika vidonge tulivyovitaja, akiharisha hivyo, aende kituo cha afya mapema aulizie vidonge vyake.

*"Basi ndizi nazo ziharamishwe?"* Si kwa kila mtu. Mwenye figo njema ale. Mwenye figo dhaifu ambaye potasiamu yake imeanza kupanda huelekezwa apunguze ndizi mbivu, viazi na madafu, na mpishi avichemshe viazi vilivyokatwa katika maji mengi, kisha amwage maji hayo. Lakini mtu hali ndizi tatu bila ya kujua, na chumvi huila bila ya kujua. Hapo ndipo ilipo tofauti, na ndiyo maana nianzapo kukataza jambo huanzia na kopo, si na mkungu.

Dalili za kukimbilia hospitali

Mwenye figo dhaifu au mwenye vidonge hivi, aliyetumia chumvi mbadala, asingoje asubuhi akiona lolote katika haya:

- miguu au mikono kulegea ghafla, hata kuinuka kukawa shida;
- moyo kupiga polepole mno, kuruka, au kwenda ovyo;
- kuzimia, au kuona giza anaposimama pamoja na udhaifu wa misuli;
- pumzi kuwa fupi bila kazi.

Beba kopo lenyewe uende nalo. Tabibu wa zamu akiambiwa "alikula chumvi" hatafikiri potasiamu. Akiliona kopo na pakiti ya spironolakton mkononi, atajua aanzie wapi.

Ladha bila kopo

Aliyekatazwa chumvi mbadala bado ana jukumu la kupunguza ile ya kawaida, na kiasi kinachoshauriwa kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 kwa siku, yaani pungufu ya kijiko cha chai kimoja, ikihesabiwa yote iliyomo katika chakula. Ulimi huzoea katika majuma machache, na mapishi ya huku yana vitu vya kuusaidia: ndimu au ukwaju katika samaki, kitunguu saumu, tangawizi, pilipili, na nazi kidogo. Mpishi atie chumvi mwishoni badala ya mwanzoni, maana ionjwayo juu ya chakula huonekana nyingi kuliko ile iliyokwisha kunywewa na mchuzi. Vibonge vya mchuzi na samaki wa chumvi viondolewe kwanza, kwani mtu aweza kujinyima kijiko kizima cha chumvi kisha akakirudisha kwa kibonge.

Na ikiwa nyumba ni ya watu wengi na mmoja wao ndiye mwenye figo mbovu, chungu cha wote kipikwe kwa hesabu ya huyo mmoja: chumvi ya kawaida, kidogo. Wenye figo njema wapendao chumvi mbadala waitie kila mtu sahanini mwake, na chupa yake iandikwe kwa herufi kubwa isichanganywe na ile ya jikoni. Anayeitumia atazame pia kama imetiwa madini joto, maana baadhi ya chumvi hizi hazina, na mtoto na mjamzito huyahitaji.

Kwa kopo ambalo limekwisha kufika nyumbani, na aliyeletewa ni mgonjwa wa figo, asilimwage katika chombo cha chumvi ya nyumba kwa kuona ni hasara kulitupa, wala asimpe jirani ambaye hajui vidonge vyake. Alirudishe kwa mwanawe aliyelileta, pamoja na orodha ya dawa azimezazo, ili safari nyingine aletewe kitu kingine.